Kwanini trapeza haitaki upande ulioinama, na rombasi inataka mishazari

"Shikamoo mwalimu. Niko Dodoma mjini, tunataka kununua kashamba ka zabibu huku Mpunguzi. Upande wa barabarani ni mita 60, upande wa juu kwenye minyaa mita 24, zile pande mbili zilizobaki zimeinama, moja mita 25 nyingine 29. Muuzaji anasema ni trapeza, kapiga hesabu kapata mita za mraba 1218, mimi nikipiga napata 1050, na bei ni sh 5,000 kwa kila mita ya mraba. Nani kakosea? Alafu kijana wangu wa darasa la sita kaja na rombasi yenye mishazari ya sm 30 na sm 40, anazidisha anagawa kwa mbili, kwanini wasizidishe pande tu? Naomba nieleweshe kuanzia chini kabisa, mi nilikariri tu."

Marahaba dada yangu. Mmekosea wote wawili na kosa ni lile lile moja, tofauti ni kwamba yeye kalifanya kwa upande mrefu we ukalifanya kwa upande mfupi. Wote mmechukua upande ulioinama mkauita kimo. Kwa vipimo ulivyonipa hilo shamba lina mita za mraba 840, manake kwa bei hiyo ni sh 4,200,000, wakati hesabu ya muuzaji inakupeleka sh 6,090,000. Simsingizii kwamba anakudanganya, hata wanafunzi wangu wengi wanaingia hapo hapo, ila usitoe hela kabla hujaelewa 840 imetoka wapi, kwaiyo chukua karatasi, rula na mkasi twende taratibu.

Tuanze na mstatili maana vingine vyote vinatoka humo. Chora mstatili wa sm 6 kwa sm 4, gawa ndani vimraba vya sm 1 kwa sm 1. Kila mstari una vimraba 6 na mistari iko 4, kwaiyo vimraba ni 24. Eneo ni hilo tu, hesabu ya vimraba vinavyojaa ndani, na kuzidisha ni njia ya mkato ya kuhesabu mistari inayofanana. Ila angalia kitu kimoja: tumeweza kuzidisha 6 kwa 4 kwa sababu kona ni za skwea, yani nyuzi 90, vimraba vinakaa vimenyooka bila kukatwa. Ukisukuma mstatili ulale kidogo pembeni, vimraba havikai tena hivo, na ndo hapo upande ulioinama unapoanza kuwadanganya watu. Shika hilo tutalirudia.

Sasa kata huo mstatili kutoka kona moja mpaka kona ya mkabala, mstari huo ndo mshazari. Unapata pembetatu mbili, geuza moja iweke juu ya mwenzie, zinalingana kabisa. Kwaiyo kila moja ni nusu ya 24, yani 12. Hizo ni pembetatu zenye kona ya skwea na hapo hakuna ubishi.

Je pembetatu isiyo na kona ya skwea? Chora yenye kitako sm 9 chini, kilele kiwe popote juu ya hicho kitako, sm 4 kwenda juu. Kutoka kileleni shusha mstari ulionyooka wima mpaka kwenye kitako, huo mstari ndo kimo. Umegawa pembetatu yako vipande viwili na kila kipande kina kona ya skwea, tuseme kimoja kina kitako sm 6 kingine sm 3. Cha kwanza ni nusu ya 6 kwa 4, yani 12, cha pili nusu ya 3 kwa 4, yani 6, jumla 18. Na 18 ni nusu ya 9 kwa 4. Hata ungesogeza kilele vitako vikawa 5 na 4 au 7 na 2, vipande vingebadilika lakini jumla ingebaki 18, kwa sababu ukiunganisha vitako vyake unarudi kwenye 9. Ndo maana tunasema nusu ya kitako mara kimo bila kuuliza kilele kiko wapi.

Kuna pembetatu moja inasumbua, ile ambayo kilele kimeenda nje kabisa, hakiko juu ya kitako. Mfano kitako sm 6, kilele kiko sm 4 juu lakini kimepitiliza kulia sm 5 baada ya kitako kuisha. Hapo refusha kitako kwa nukta nukta mpaka chini ya kilele, unapata pembetatu kubwa ya skwea yenye kitako 11 na kimo 4, eneo lake 22. Toa ile ndogo iliyozidi, kitako 5 na kimo 4, eneo 10. Imebaki 12, na 12 ni nusu ya 6 kwa 4. Kwaiyo kanuni ni ile ile hata kilele kikitoka nje, ila kimo unakipima nje ya umbo. Nimelisema hili kwa sababu tutalihitaji kwenye trapeza moja mbishi huko chini.

Haya tuje shambani kwako. Trapeza ni umbo la pande nne ambalo pande mbili ni sambamba, yani ukizirefusha mpaka Bahi hazikutani, umbali kati yake haubadiliki. Kwako hizo ni ule wa barabarani mita 60 na ule wa minyaa mita 24. Kimo cha trapeza ni huo umbali kati ya pande sambamba, unaopimwa wima kwa skwea. Sio 25, sio 29, hizo ni njia za kupanda kwa kuinama, na njia ya kuinama siku zote ni ndefu kuliko ya kunyooka.

Chora trapeza yako, 60 chini, 24 juu. Kutoka kona mbili za juu shusha mistari wima mpaka chini. Shamba limegawanyika vipande vitatu: katikati kuna mstatili, kushoto pembetatu ya skwea, kulia pembetatu nyingine ya skwea. Mstatili wa katikati una upana 24 kwa sababu umekaa chini ya upande wa juu. Kwaiyo kwenye zile mita 60 za chini, 24 zimechukuliwa na mstatili, zimebaki 36 ambazo zinagawanywa na pembetatu mbili.

Kimo ni ngapi? Kwa namba zako kinatoka 20 kamili, na ukitaka kuhakikisha tumia Pithagorasi: pembetatu ya kushoto ina kitako 15 na kimo 20, 15 mara 15 ni 225, 20 mara 20 ni 400, jumla 625 ambayo ni 25 mara 25. Ya kulia ina kitako 21 na kimo 20, 441 jumlisha 400 ni 841, ambayo ni 29 mara 29. Na 15 jumlisha 21 ni zile 36 zetu. Kila kitu kimekaa. Kijana wako hajafika Pithagorasi asihangaike, shambani kimo kinapimwa kwa tepu, ntakuonesha.

Sasa hesabu vipande. Mstatili ni 24 mara 20, sawa na 480. Pembetatu ya kushoto ni nusu ya 15 mara 20, sawa na 150. Ya kulia ni nusu ya 21 mara 20, sawa na 210. Jumlisha 480, 150 na 210 unapata 840. Hapo hatujatumia fomula yoyote ya trapeza, tumetumia mstatili na pembetatu tu, na jibu liko mkononi.

Ila fomula imetoka wapi? Angalia zile pembetatu mbili. Zote zina kimo kimoja, 20. Kata kwa mkasi, toa mstatili wa katikati pembeni, sukuma pembetatu mbili zikutane kwa zile pande zake za wima. Zinakuwa pembetatu moja yenye kitako 36 na kimo 20, eneo lake nusu ya 36 mara 20, yani 360, ambayo ndo 150 jumlisha 210. Kwaiyo kumbe hatuna haja ya kujua kushoto ni ngapi na kulia ni ngapi, inatosha kujua kwamba jumla ni 36, na hiyo 36 ni 60 toa 24.

Tuandike upande mrefu ni a, mfupi ni b, kimo ni k. Mstatili ni b × k. Pembetatu zilizounganishwa ni ½ × (a − b) × k, yani nusu ya a mara k, toa nusu ya b mara k. Sasa jumlisha: una b × k nzima kutoka kwenye mstatili, alafu unatolewa nusu ya b × k, unabaki na nusu ya b × k. Na nusu ya a × k ipo pale pale. Kwaiyo jumla ni nusu ya a × k jumlisha nusu ya b × k, ambayo watu wanaiandika kwa ufupi:

½ × (a + b) × k

Hapo ndo mahali pekee ambapo watoto wanashangaa, mbona tulianza na kutoa, 60 toa 24, tukamaliza na kujumlisha. Jibu ni hilo, b ilikuwa nzima kwenye mstatili, kutoa kumekula nusu tu, nusu imebaki kama ya kujumlisha. Mwoneshe kwa namba: 24 mara 20 ni 480, nusu yake 240. Nusu ya 60 mara 20 ni 600. Jumla 840. Mi darasani nilikuwa sipiti hapa mpaka kila mtoto aseme kwa mdomo wake ile nusu ya b ilipotelea wapi, maana asiyeelewa hapo atabaki anakariri.

Kuna njia ya pili ambayo binafsi naipenda zaidi kwa sababu ni fupi na haichagui. Badala ya kushusha mistari miwili, chora mstari mmoja tu kutoka kona moja ya chini kushoto mpaka kona ya juu kulia. Trapeza imekuwa pembetatu mbili. Ya chini ina kitako 60 na kilele chake kiko kwenye mstari wa juu, kwaiyo kimo 20, eneo 600. Ya juu ina kitako 24, yani imekaa kichwa chini, kilele chake kiko kwenye mstari wa barabara, kimo chake nacho ni 20, eneo 240. Jumla 840. Na hapo fomula inaonekana yenyewe, nusu ya a mara k jumlisha nusu ya b mara k, bila kutoa kitu. Pande sambamba zinafanya kazi hapo hapo: ndo zinazofanya pembetatu zote mbili ziwe na kimo kimoja.

Nikasema haichagui, manake nini. Kuna trapeza zimeegama sana, upande wa juu umepitiliza nje ya wa chini. Chora chini sm 6, juu sm 4, kimo sm 4, lakini upande wa juu uanze sm 1 baada ya wa chini kuisha kulia, yani wa chini unatoka 0 mpaka 6 na wa juu unatoka 7 mpaka 11. Jaribu kushusha mistari wima kutoka kona za juu: inaangukia nje kabisa, hakuna mstatili wa katikati. Ile njia ya kwanza imekwama. Lakini kata kwa mshazari: pembetatu ya chini kitako 6 kimo 4, ina 12, ndo ile pembetatu yetu iliyotoka nje, na ya juu kitako 4 kimo 4, ina 8. Jumla 20, na fomula inasema nusu ya 10 mara 4, ambayo ni 20. Kwaiyo mtoto akikuambia "mama hapa mstatili haupo", usimkatalie, yuko sahihi, mpe mshazari.

Sasa twende Mpunguzi na tepu. Utahitaji kamba ya kujengea, vigingi viwili vya kufungia, na tepu ya mita 30 au zaidi, na mtu wa kukusaidia. Funga kamba ivutwe imenyooka kabisa kwenye upande wa barabarani, kona mpaka kona. Mwenzio asimame na mwanzo wa tepu kwenye kona ya juu kushoto pale kwenye minyaa, we shika upande wa pili usogee kwenye kamba kwenda kulia kisha kushoto huku unasoma tepu imevutwa. Utaona namba inapungua, inafika mahali pa chini kabisa, inaanza kupanda tena. Ile namba ndogo kuliko zote ndo kimo, na pale ulipoipata ndo mguu wa kimo. Kama ulivyonipa vipimo, unatakiwa usome 20, na mguu uwe mita 15 kutoka kona ya kushoto ya barabara.

Ile sehemu ya chini kabisa namba inabadilika polepole sana, mahali penyewe ni rahisi kukosea hata nusu mita japo namba ya kimo inakuwa karibu sawa, kwaiyo hakikisha na skwea ya mafundi, tatu nne tano. Kutoka kwenye mguu pima mita 4 kwenye kamba weka alama, pima mita 3 juu ya tepu weka alama, umbali kati ya alama mbili uwe mita 5. Ikizidi au ikipungua sogeza mguu upime tena. Na tepu ilale usawa hewani, isifuate ardhi ikipanda na kushuka, maana ardhi ikiwa na mteremko tepu iliyolala juu yake inasoma namba kubwa kuliko ukweli.

Ukimaliza kona ya kushoto, rudia kona ya juu kulia. Hili watu wanaliruka na ndo la muhimu zaidi, kwa sababu ndo linakwambia kama ni trapeza kweli. Ukipata 20 na 20, pande ni sambamba, fomula inafanya kazi, jibu 840. Ukipata 20 upande mmoja na 18 mwingine, sio trapeza hata muuzaji aseme nini, na ½ × (a + b) × k haina kazi hapo kwa sababu hakuna k moja.

Lakini usirudi nyumbani mikono mitupu, vipande bado vipo. Tuseme miguu imeangukia mita 15 na mita 39 kutoka kona ya kushoto, kwaiyo chini umegawanyika 15, 24 na 21, na vimo ni 20 na 18. Kushoto pembetatu, nusu ya 15 mara 20, ni 150. Kulia pembetatu, nusu ya 21 mara 18, ni 189. Na katikati? Katikati kuna umbo lenye pande mbili za wima, 20 na 18, ambazo zote zimesimama skwea kwenye kamba, kwaiyo zenyewe ni sambamba. Hiyo ni trapeza, imelala ubavu tu! Pande zake sambamba ni 20 na 18, na kimo chake ni umbali kati yake, mita 24. Nusu ya 38 mara 24 ni 456. Jumla 150, 189 na 456 ni 795. Hii njia ya kupima kutoka kwenye mstari mmoja ulionyooka ndo wapima ardhi wanayotumia kwenye maeneo yenye mipaka iliyopinda pinda, wanashusha vimo vingi wanajaza trapeza nyembamba nyembamba.

Na kabla hujamlipa mtu kuna kipimo cha haraka cha kichwani. Shamba lako limezidi mstatili wa 24 kwa 20, na halifiki mstatili wa 60 kwa 20. Kwaiyo jibu lazima liwe kati ya 480 na 1200. Ile 1218 ya muuzaji imeruka nje ya boma, haiwezekani hata bila kujua fomula. Yako ya 1050 iko ndani lakini bado sio, kwaiyo hiki kipimo kinakamata kosa kubwa, hakikamati yote.

Tuje kwa kijana na rombasi. Rombasi ina pande nne zilizo sawa, hiyo ndo maana yake yote, kona sio lazima ziwe skwea. Swali lako, kwanini wasizidishe pande tu, ni swali zuri sana na jibu lake unaweza kulishika kwa mkono. Chukua vijiti vinne vya sm 25, fito au mabua yoyote, funga kona kwa uzi viwe na uwezo wa kucheza. Simamisha kona ziwe skwea, una mraba, eneo 25 mara 25, yani 625. Sasa sukuma kidogo uegame. Vijiti ni vile vile, pande bado 25, lakini ndani pamepungua. Endelea kusukuma mpaka vijiti vikaribiane kulaliana, ndani panakuwa karibu sifuri. Pande hazijabadilika hata kidogo na eneo limetoka 625 mpaka karibu sifuri, kwaiyo pande peke yake haziwezi kukwambia eneo. Kinachobadilika ni mishazari, mmoja unarefuka mwingine unafupika.

Ile ya kijana ina mishazari ya 30 na 40. Kabla hatujazidisha lazima tujue kitu kimoja: mishazari ya rombasi inakatana katikati na kwa skwea. Usimwambie tu akubali. Chora rombasi ABCD, alafu mshazari BD. Sasa kuna pembetatu mbili, ABD na CBD, zimeshikana kwenye BD. Pembetatu ABD ina pande mbili sawa, AB na AD, maana ni rombasi. Ukiikunja karatasi kupitia A ili AB ilale juu ya AD, mkunjo unapita katikati ya BD na unaikata kwa skwea, kwa sababu nusu mbili zimelaliana kabisa. Pembetatu CBD nayo hivo hivo, mkunjo kutoka C unapita katikati ya BD kwa skwea. Mikunjo yote miwili inapita pointi moja, katikati ya BD, na yote ni skwea kwenye BD, kwaiyo ni mstari mmoja ulionyooka kutoka A mpaka C. Huo ndo mshazari wa pili. Na ukianza na AC badala ya BD, hoja ile ile inakupa kwamba AC nayo imekatwa katikati.

Baada ya hapo mambo ni mepesi. Mshazari wa 40 uwe kitako. Juu yake kuna pembetatu yenye kimo nusu ya 30, yani 15, eneo nusu ya 40 mara 15, sawa na 300. Chini yake kuna pacha wake, 300 nyingine. Jumla 600.

Na kwa mstatili: chora boksi kuizunguka rombasi, mistari miwili ilale na mshazari wa 40, miwili isimame na wa 30, boksi liguse kona zote nne. Ni mstatili wa 40 kwa 30, eneo 1200. Mishazari inaligawa vyumba vinne, kila chumba ni mstatili wa 20 kwa 15, na kila chumba kimekatwa na upande wa rombasi kona kwa kona. Nusu ya kila chumba iko ndani ya rombasi, nusu nje. Kwaiyo rombasi ni nusu ya boksi, 600. Ile "gawa kwa mbili" ambayo kijana anaiandika ni hizo kona nne zilizobaki nje. Akizikata na mkasi na kuzipanga atapata rombasi nyingine ile ile, mwambie ajaribu.

Upande wa rombasi hii ni ngapi? Chumba ni 20 kwa 15, kona kwa kona ni 25, tena ile ile pembetatu ya kushoto ya shamba lako. Kwaiyo hii ni moja ya rombasi za vijiti vyetu. Ukiisukuma zaidi mpaka mishazari iwe 48 na 14, pande bado ni 25, lakini eneo ni nusu ya 48 mara 14, ambayo ni 336. Vijiti vile vile, 625, 600, 336. Ukimwonesha hivo hatarudia kuzidisha pande.

Makosa mawili ya rombasi ninayoyaona sana: mtoto anatumia nusu za mishazari, 20 mara 15, anaandika 300, kumbe amehesabu chumba kimoja tu cha boksi. Au anazidisha 40 kwa 30 anasahau kugawa, anaandika 1200, kumbe amehesabu boksi zima. La pili linajionesha lenyewe, 1200 imezidi 625, na rombasi ya sm 25 haiwezi kuzidi mraba wa sm 25. La kwanza halijioneshi hivo, mwambie achore boksi aoneshe kwa kidole 300 yake iko wapi.

Na kama swali likimpa upande na kimo badala ya mishazari, rombasi ina pande sambamba pia, atumie fomula ya trapeza na pande zote mbili ni 25. Kimo cha hii ya kwake ni sm 24, nusu ya 50 mara 24, ni 600 ile ile. Apime mwenyewe kwa rula kwenye mchoro wake, kimo kikitoka 25 kamili ajue amepima upande ulioinama, kosa lile lile lenu la Mpunguzi.